Klabu ya Chesi na Ndovu Wawili Wasio na Pembe

Nilijiunga na klabu ya chesi kwa sababu ya mgongo wangu. Wenzangu watakuambia walijiunga ili kunoa akili, na hata mimi mwalimu aliponiuliza niliandika hivyo hivyo kwenye karatasi. Lakini hapa hakuna mwalimu anayesahihisha, kwa hivyo nitasema ukweli.

Shule yetu iko Kilungu, kwenye mteremko mkali kiasi kwamba mpira ukitoka uwanjani tunautafuta kesho yake. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana madaftari yalifungwa na majembe yakafunguliwa stoo. Tulikuwa tunachimba fanya juu kwenye shamba la shule. Unachimba mtaro kukata mteremko, halafu udongo wote unautupa upande wa juu, uwe ukuta wa kuzuia mvua isibebe shamba ikalipeleka kwa watu wengine. Aliyeibuni kazi hii hakuwa na mgongo. Udongo ukiutupa chini, kiranja anakuita urudie. Ukiutupa juu, nusu yake inakurudia machoni. Kila mwanafunzi alipimiwa kipande cha hatua tano, na aliyepima alikuwa mwalimu mkuu mwenyewe, mtu mwenye miguu mirefu kuliko wote shuleni.

Basi mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, akaja mwalimu mpya wa hesabu. Alikuwa ametoka chuo juzi, kwao ni kule Zombe, chini kabisa Kitui, ambako jua si la mchezo. Huku kwetu milimani alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, hata mchana. Wiki ya kwanza nilimuuliza darasani kama nyumbani kwao wanaanika nguo au wanazichoma tu. Darasa lilicheka. Yeye akaniangalia kwa utulivu, akasema, "Kijana, wewe mdomo wako una kipaji. Tutautafutia kazi."

Sikujua kama ni sifa au ni onyo.

Mwalimu huyo alitaka shule iwe na klabu. Alikwenda kwa mwalimu mkuu, na kwa kuwa mimi nilikuwa nje ya ofisi nikingoja adhabu ya jambo lingine, nilisikia kila kitu.

"Klabu," mwalimu mkuu akasema. "Pesa hakuna. Chumba hakuna. Na Ijumaa ni ya mitaro."

"Sitaki pesa, mwalimu. Chumba kile cha stoo ya mahindi kiko tupu mpaka mavuno."

"Na muda?"

"Hiyo Ijumaa. Watoto kumi tu."

Nikasikia kiti kikilia. "Nakupa muhula mmoja," mzee akasema. "Mwisho wa muhula nione kitu nitakachokielewa. La sivyo watarudi kwenye mtaro, na wewe utawapimia vipande."

Mimi sikusikia chochote isipokuwa neno Ijumaa. Adhabu yangu ilipokwisha nilikuwa wa kwanza kuandikisha jina.

Mwalimu mpya alianza na mdahalo, maana mdahalo hauhitaji kitu. Unahitaji mwenyekiti, mtu wa kushika saa, na kengele. Kwa kengele tuligonga kipande cha reli kwa msumari. Hoja ya kwanza ilikuwa kwamba ng'ombe ana faida kuliko punda. Mimi niliwekwa upande wa punda. Nilikuwa nimeandaa hoja nzuri sana juu ya kubeba maji, lakini niliposimama nikaona ni afadhali punda ajisemee mwenyewe. Nikalia kama punda. Nililia dakika zangu zote tatu, kwa kupanda na kushuka, nikamalizia na ule mkoromo wa mwisho. Upande wa ng'ombe wakajibu kwa lugha yao. Mwalimu mkuu alitokea mlangoni tukiwa zizi zima. Huo ukawa mwisho wa mdahalo.

Wiki iliyofuata mwalimu wetu akaleta mitambo. Alikuwa na mota ndogo ya redio ya kaseti iliyokufa, waya, na betri za tochi zilizokwisha, ambazo tulizianika juu ya bati zipate nguvu kidogo. Tukaunda lori la waya, magurudumu ni vifuniko vya chupa, na raba iliyokatwa kutoka kandambili ikashika mota. Lori lilitembea. Naapa lilitembea, hatua mbili nzima, halafu betri zikafa kabisa na mota ikatoa moshi. Mota nyingine haikuwepo. Tukakaa tukiliangalia kama watu waliofiwa.

Ijumaa ya tatu mwalimu aliingia na katoni ya mafuta ya kupikia.

"Nimetafuta mchezo usiochezwa kwa mdomo," alisema, akiniangalia mimi.

Katoni ile alikuwa ameikata na kuipigia mistari kwa rula, miraba minane kwa minane. Miraba ya giza aliipaka masizi ya sufuria yaliyokorogwa na uji, ili yashike. Yalishika kweli; yalishika hata viwiko vyetu, na mpaka leo sweta yangu ya shule ina alama. Vipande vya kuchezea vilikuwa vifuniko vya chupa za soda, ndani vimebandikwa karatasi yenye herufi. Jeshi moja jeupe, jeshi la pili limepakwa masizi. Mfalme anakwenda hatua moja tu, upande wowote. Malkia anakwenda kila upande, mbali anavyotaka. Ngome ananyooka, askofu anakata mshazari, farasi anaruka hatua mbili na moja. Askari wadogo wanakwenda mbele tu, hawarudi nyuma.

"Kama udongo wa fanya juu," mwalimu akatueleza. "Ukishautupa juu, ni huko huko."

Nikamwambia nimekuja hapa kusahau hayo maneno.

Kwa ukweli sikutegemea kuupenda. Nilitegemea kulala. Lakini kuna jambo hutokea mtu anapokunyang'anya malkia mbele ya watu huku amenyamaza. Aliyeninyang'anya alikuwa msichana wa kidato cha tatu, mkimya mpaka walimu hudhani hayupo wakiita majina. Alinifunga mara saba siku moja. Mara ya nane nikapiga chafya, vifuniko vikaruka vyote, nikasema nilikuwa nashinda.

"Ulikuwa umebakisha mfalme na askari mmoja," alisema. Yalikuwa ndiyo maneno yake marefu zaidi wiki hiyo.

Hapo ndipo tatizo la vifuniko lilipojitokeza. Kilungu kuna upepo. Stoo haina kioo, ina matundu ya kupitisha hewa ya mahindi. Upepo ukiingia, askari wanahama wenyewe. Mwalimu akauliza kama kuna mtu anayejua kuchonga mbao. Nikainua mkono kabla ya kufikiri, ugonjwa wangu wa siku zote.

Mjomba wangu ni mchonga vinyago. Anachonga wanyama wanaopelekwa mjini kuuziwa watalii, na amechonga hivyo tangu kabla sijazaliwa. Tulimwendea Jumamosi mwalimu na sisi wanafunzi wanne. Alikuwa ameketi kwenye ngozi chini ya paa la bati, miguu ameinyoosha, kifaru amekibana kwa nyayo za akala, viatu vya tairi, huku akikichonga kwa shoka dogo. Mwalimu alimweleza kwa heshima, akamwonyesha karatasi aliyoichora.

Mjomba akaiangalia karatasi kwa muda. "Huyu ni nani?"

"Farasi, mzee."

"Farasi hapana. Hakuna anayenunua farasi, mkono wangu haumjui. Nitawapa twiga."

"Sawa. Twiga naye ataruka tu."

"Na huyu mwenye kofia?"

"Askofu."

Mjomba akamrudishia karatasi. "Mwalimu, kanisa letu halina askofu. Siwezi kumchonga mtu nisiyemtambua. Chukua mbuni."

Ikaendelea hivyo. Ngome akawa kifaru, maana kifaru kwa kweli hunyooka. Askari wakawa mayai ya mbuni, kwa sababu mjomba alisema kumi na sita ni wengi na yeye si mashine. Tulipofika kwa mfalme na malkia, mwalimu akasema labda simba na mwingine yeyote.

"Ndovu," mjomba akasema. "Mkubwa ni ndovu."

"Basi mfalme ndovu. Na malkia?"

"Ndovu. Ndovu huuzwa wawili wawili, dume na jike. Miaka ishirini sijatoa ndovu mmoja. Dume nitamtia pembe mbili, jike nitamwacha bila. Nani atakosea?"

Mwalimu hakuona ubaya wake. Mimi niliuona papo hapo, moyo wangu ukafurahi, nikanyamaza.

Malipo ndiyo yaliyonichoma. Mjomba hakutaka senti. Alisimama, akajinyoosha, akatuonyesha shamba lake nyuma ya nyumba. "Mvua ya mwaka jana imenipiga pale. Mnajua kuchimba fanya juu?"

Wenzangu wakanigeukia wote kwa pamoja. Tulichimba Jumamosi tatu. Sisi tuliokimbia mtaro wa Ijumaa, tulichimba mtaro wa Jumamosi, na msichana mkimya alitupa udongo mwingi kuliko mimi na hakusema kitu, jambo ambalo ndilo lililoniudhi zaidi. Mwalimu naye alivua sweta zote mbili akachimba. Jioni ya siku ya mwisho mama alinikuta sebuleni nimelala kifudifudi juu ya gunia.

"Mwanangu, si ulisema mnacheza mchezo wa kukaa?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa unaumwa nini?"

"Tumecheza sana."

Lakini wanyama walipokuja, jamani, tulisahau. Jeshi la weupe lilichongwa kwa mabaki ya mjakaranda, rangi ya maziwa. Weusi ni mabaki ya muhugu, mti wa kahawia, mjomba akawasugua na rangi ya viatu mpaka wakang'aa. Vifaru vilikuwa na hasira. Mbuni walikuwa na shingo za watu waliosikia habari mbaya. Na ndovu dume kila mmoja alikuwa na pembe mbili nyeupe za mfupa wa mbuzi, nyembamba kama vijiti vya kiberiti, zimechomekwa kwenye matundu. Zilitoka ukizivuta, na jike naye mjomba alikuwa amemtoboa matundu hayo hayo kwa mazoea.

Sasa unajua nilichofanya. Msichana mkimya akigeuka kufunga kiatu, nilichomoa pembe za mfalme wake nikazichomeka kwa malkia. Akirudi anamsogeza mfalme wake mbali kama malkia, nami nacheka mpaka naanguka. Nilimfanyia hivyo mara nne. Mara ya nne mwalimu aliniona.

"Siku moja hizo pembe zitakuchoma wewe," alisema, akaendelea kusahihisha vitabu.

Zikabaki wiki mbili muhula ufungwe. Shule moja ya kule Mbooni ina klabu ya chesi ya miaka mingi, na mwalimu wetu aliwaandikia barua waje tucheze. Wakakubali, mbao nne, wachezaji wanne kwa wanne. Mwalimu mkuu alitangaza kwenye gwaride la asubuhi, mikono nyuma.

"Nilisema nataka kitu nitakachokielewa. Kushinda ninakuelewa. Wakishinda hata mchezo mmoja kati ya minne, klabu inabaki na Ijumaa yake. Wasiposhinda, stoo inarudi kuwa stoo, na kule chini kuna mtaro unawangoja." Akaniangalia. "Nimeshaupima."

Wiki hizo mbili nilicheza kwa bidii kuliko nilivyowahi kufanya jambo lolote, na sidhani tena ilikuwa ni mgongo. Usiku nikifumba macho niliona miraba. Nilikuwa nimejifunza kufikiri hatua mbili mbele, jambo ambalo mwalimu wa nidhamu angelipenda sana ningelijua mapema. Lakini bado nilikuwa wa nne kati ya wanne, na nilijua. Kwa hivyo asubuhi ya siku yenyewe, kabla mtu hajafika stoo, nilichukua bikari ya seti yangu ya jiometri nikapanua kidogo matundu ya pembe za ndovu mweusi. Kidogo tu. Pembe zikakaa, lakini kwa kubembelezwa. Hesabu yangu ilikuwa hivi: wageni walishaandika kwamba wana seti tatu tu, kwa hivyo mimi wa nne nitachezea wanyama; mimi ni mwenyeji, nitashika weupe, mgeni atashika weusi, pembe zitamdondokea, achanganye mfalme na malkia wake. Mzaha, nilijiambia. Mzaha mdogo wenye faida.

Wageni walikuja na lori la shule yao, wakiwa na seti tatu za plastiki ndani ya masanduku yenye kufuli. Ya nne ilikuwa imepoteza vipande, kwa hivyo ubao wa nne ukawa wa wanyama wetu. Waliwazunguka wakicheka. Mwalimu wetu akaeleza kila mnyama ni nani, na kwamba ndovu mwenye pembe ni mfalme.

"Na hapa mnakula hao wanyama, ama?" mmoja wao akauliza.

"Tunakula wageni," nikamjibu.

Aliyekalishwa mbele yangu alikuwa mvulana mdogo wa kidato cha kwanza, viatu vyake vinamzidi, adabu tele. Mwalimu alificha yai jeupe na yai jeusi mikononi, akamwambia mgeni achague ngumi. Mvulana akagusa ya kushoto. Ikafunguka. Yai jeupe.

Yeye weupe. Mimi nimeshika ndovu niliyemtoboa mwenyewe.

Ubao wa tatu tulipoteza kabla sijaondoa mbuni wangu nyumbani. Wa pili ukafuata. Mvulana wangu kila alipokula kipande changu alisema "pole" kwa sauti ya msibani, na alikuwa anamaanisha. Kwenye daftari aliandika kila hatua kwa penseli, kama walivyofundishwa. Sisi hatukuandika, tulikuwa tunahifadhi daftari. Mwalimu mkuu aliingia, akapita mbao za plastiki haraka, akafika kwetu akasimama. Akavuta debe akakalia.

"Huyu twiga ameruka juu ya mtu," alimnong'oneza mwalimu wetu.

"Ndiye pekee anayeruhusiwa, mwalimu."

"Mm. Ana shingo."

Ubao wa kwanza, wa msichana mkimya, ulichukua muda mrefu. Alikuwa akicheza na kijana wa kidato cha nne mwenye ndevu. Msichana alipomlaza mfalme wake chini, kuonyesha amekubali kushindwa, sikuamini. Akaja akasimama nyuma yangu pamoja na wengine. Mbao tatu zimekwenda. Klabu ilikuwa imebaki mikononi mwa punda.

Nikamshika mfalme wangu nimsogeze mraba mmoja, na pembe zikadondoka. Moja kwenye katoni, moja mapajani. Mvulana alikuwa ameinama anaandika. Mwalimu mkuu alikuwa anamfuata twiga kwa macho. Nikazifunika kwa kiganja, nikazitia mfukoni. Sikupanga kufanya hivyo. Mkono wangu ulijua njia.

Sasa nilikuwa na ndovu wawili weusi wasio na pembe, wamesimama karibu karibu, sawa kama mapacha. Mvulana akainua kichwa. Akaangalia mmoja, akaangalia mwingine. Akafikiri sana. Halafu akamtelezesha malkia wake mweupe kwa mshazari, akamsimamisha miraba mitatu kutoka kwa ndovu wangu mmoja.

"Cheki," akasema. "Pole."

Alikuwa ameamini huyo ni mfalme na kwamba amemtishia, maana cheki ni hivyo. Mfalme hatembei hatua tatu, kwa hivyo malkia wake alijiona salama. Lakini yule alikuwa malkia wangu, na malkia hutembea anavyotaka. Ilibaki ninyooshe mkono tu, nimchukue malkia wake bure, na baada ya hapo hata mimi ningeshinda. Mchezo mmoja. Ijumaa zote.

Nikanyoosha mkono. Nikahisi pembe ya mfupa ikinidunga paja. Nikageuka kidogo, nikaona uso wa msichana mkimya. Alikuwa ameangalia ndovu wawili, kisha mfuko wangu. Alijua, maana hakuna mtu duniani aliyefanyiwa mzaha huo mara nne isipokuwa yeye. Hakusema. Ningefurahi kama angesema. Ningemjibu kitu cha kuchekesha na mambo yakaisha. Alikuwa anangoja tu kuona mimi ni nani.

Mvulana akasema, "Nimekosea mahali?"

Nikatoa pembe mfukoni, nikaziweka kwenye katoni katikati yetu.

"Huyo si mfalme," nilisema. "Mfalme ni huyu mwingine. Pembe zilianguka nikazificha. Na zilianguka kwa sababu nilitoboa matundu asubuhi. Nilidhani weusi utashika wewe."

Mwalimu wa Mbooni akachukua daftari la mvulana, akafuata hatua kwa kidole mpaka chini. "Ni kweli," akasema. "Mfalme ni huyo."

Mwalimu wetu hakunifokea. Alizichukua pembe, akazitafuna kidogo ncha ziwe na mate, akazichomeka kwa nguvu kwenye kichwa cha mfalme wangu. "Mgeni rudisha malkia wako," akasema. "Cheza upya hatua hiyo. Na wewe, endelea."

Alicheza upya vizuri sana, mtoto yule. Hatua tano baadaye alikuwa amemla malkia wangu, akasema pole. Kisha vifaru. Kisha mayai yangu moja baada ya jingine, mpaka la mwisho. Nilibaki na mfalme peke yake, anakimbia huku na huku kama mtu aliyeibiwa nguo mtoni. Nyuma yangu mwenzangu mmoja alisema kwa upole, "Jembe langu litakuwa lile lenye mpini mfupi."

Mfalme wangu alikwishafika kona. Mvulana alikuwa na malkia wake, mfalme wake na mayai mawili, na hamu ya kumaliza vizuri mbele ya watu. Akamleta malkia karibu kabisa, akamsimamisha hatua ya twiga kutoka kwa mfalme wangu: mbili na moja. Akaondoa mkono. Akafungua mdomo aseme cheki, akaufunga.

Nikaangalia. Mraba wa kushoto, malkia anauona. Wa mbele, anauona. Wa mshazari, anauona. Mraba niliosimama, hauoni. Nikahesabu tena kwa kidole.

"Mwalimu," nikasema, "zamu ni yangu. Sijashikwa. Na sina pa kwenda."

Mwalimu wetu akainama. Mwalimu wa Mbooni akainama. Vichwa vyao viligongana.

"Sare," mwalimu wa Mbooni akasema, akivuta pumzi. "Mfalme hajatiwa cheki na hana hatua halali. Mchezo umekwisha, hakuna aliyeshinda. Nusu pointi kila mmoja." Mvulana akashika kichwa. Nikamwambia pole. Nilikuwa nimengoja mchana wote kulisema neno hilo.

Mwalimu mkuu alikuwa bado juu ya debe. "Subiri. Ameshinda au hajashinda?"

"Hajashinda, mwalimu," mwalimu wetu akasema. "Wala hajashindwa."

"Mimi nilisema ushindi mmoja."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na hii ni nusu."

"Ni nusu."

Mzee akasimama, akampapasa ndovu mweusi kichwani kwa kidole kimoja, taratibu, asiangushe pembe. Alifikiri muda mrefu kuliko mchezaji yeyote siku hiyo. "Kijana," akaniambia, "ungenyamaza na pembe zako mfukoni ungenipa nzima. Na ningejua baadaye, maana mambo yako hujulikana, na ningewafukuza wote stoo." Akageukia mwalimu wetu. "Nusu ushindi, nusu Ijumaa. Watachimba mpaka kengele ya saa tisa. Baada ya hapo ni wako."

Huo ndio mpango mpaka sasa. Kila Ijumaa tunachimba hatua mbili na nusu kila mmoja, amezipima mwalimu mkuu mwenyewe, na nusu hatua yake ni hatua nzima ya mtu mwingine. Wenzangu wananikumbusha nusu hiyo ni ya nani. Msichana mkimya hunipa jembe lenye mpini mfupi, la kuvunja mgongo, bila neno, na hilo nalo nadhani ni mzaha, ingawa kwake ni vigumu kujua.

Mjomba aliziba matundu kwa gundi ya mbao na kunipiga konzi moja kwa ajili ya bikari. Pembe hazitoki tena, nimejaribu. Saa tisa ikigonga tunapanda stoo mbio, hatunawi, na sasa ndovu weupe wamekuwa wekundu kwa udongo wa mtaro. Mwalimu mkuu huja akavuta debe lake. Wiki mbili zilizopita aliomba acheze, akanichagua mimi, kwa kuwa anadhani mimi ndiye wa kufungwa kirahisi. Alisogeza twiga kwanza. Nilimfunga kwa hatua kumi na nne, nikasema pole, na Ijumaa iliyofuata kipande changu kilikuwa hatua tatu.